Vijana milioni tatu wa Dar mmewatoa wapi? Kuhesabu watu waliofikiwa kwenye mitandao kadhaa bila kumhesabu mtu mmoja mara mbili

Ukurasa wa kwanza wa ripoti yetu ulikuwa na namba moja kubwa katikati: watu 3,000,000. Ilikuwa kampeni ya mtindi, wiki nne, kwa vijana wa miaka 18 hadi 34 walioko Dar es Salaam. Dada wa uhasibu upande wa mteja, ambaye huwa anakuja kwenye vikao hivyo kusikiliza bei tu, akainua macho kwenye karatasi yake. "Samahani kaka, kwa sensa Dar nzima ina watu milioni tano na laki tatu na kitu, wazee na watoto wachanga wakiwemo. Hawa vijana milioni tatu mmewatoa wapi?"

Sikuwa na jibu, ingawa namba niliiandaa mimi. Nilichukua watu waliofikiwa na Facebook, nikajumlisha wa Instagram, wa YouTube na wa TikTok, nikaweka jumla. Kila namba peke yake ilikuwa sahihi kwa kadiri mtandao wenyewe unavyojua. Jumla ndiyo iliyokuwa uongo.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi analijua tatizo hili. Upande wa bibi harusi wanaleta orodha ya wageni, upande wa bwana harusi wanaleta yao, kwaya nao wanaleta ya kwao. Mjomba Rashidi yupo kwenye zote tatu. Ukimpa mpishi wa pilau jumla ya orodha hizo, atapika sahani tatu za Mjomba Rashidi, na tumbo lake ni moja. Kwenye matangazo ni vilevile, ila pale hakuna shangazi anayewajua wote kwa sura ili afute majina yaliyojirudia. Facebook hawampi Google orodha yao, wala TikTok hawaipeleki kwa yeyote. Kwa hiyo ni lazima tukadirie, na hapa chini ni namna ninavyokadiria siku hizi. Namba za kampeni nimezisawazisha ili hesabu isomeke bila kikokotoo.

Hatua ya 1: Amua kwanza kundi zima lina watu wangapi

Kabla ya kufungua akaunti yoyote ya matangazo, andika juu ya karatasi: watu gani, wapi, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, na jumla yao ni ngapi. Chanzo cha jumla kiwe sensa, kisiwe chombo cha kupanga matangazo. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728, na majedwali ya umri ndiyo yanayokupa kundi lako. Kwa mfano huu nachukua vijana 2,000,000 kamili.

Nasisitiza sensa kwa sababu makadirio ya mitandao yenyewe hayafungwi na idadi ya watu walio hai. Mwaka 2017 mchambuzi mmoja wa Marekani alionyesha kwamba chombo cha matangazo cha Facebook kilikuwa kinaahidi kuwafikia Wamarekani milioni 41 wa miaka 18 hadi 24, wakati sensa yao ilikuwa na milioni 31 tu wa umri huo. Facebook wakajibu kwamba makadirio yao hayakukusudiwa kulingana na sensa. Sisi hapa tunalijua jambo hilo kwa laini za simu: mwisho wa 2023 laini zilizosajiliwa Tanzania zilikuwa zimepita milioni 70, na sensa ya mwaka uliotangulia ilihesabu watu 61,741,120. Laini si mtu. Akaunti nayo si mtu.

Hatua ya 2: Chukua namba moja kwa kila mtandao, ya kipindi chote

Marudio huanza ndani ya mtandao mmoja kabla hata hujafika wa pili, na hapa ndipo wengi tunapoanguka bila kujua. Ukipakua ripoti ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, kwa wiki, safu ya `Reach`, yaani watu waliofikiwa, inaweza kukupa 520,000, kisha 480,000, kisha 450,000, kisha 430,000. Ukizijumlisha kwenye jedwali unapata 1,880,000. Lakini ukiomba kipindi chote cha wiki nne kwa mstari mmoja, Meta yenyewe inakuambia 1,200,000. Tofauti ni watu walioliona tangazo wiki ya kwanza wakaliona tena ya tatu. Kanuni yake ni fupi: `Impressions`, yaani maonyesho ya tangazo, zinajumlishika, kwa siku, kwa wiki, kwa tangazo, kwa mtandao. `Reach` haijumlishiki kwa chochote.

Hali ni hiyohiyo kwa Facebook na Instagram. Ukigawa ripoti kwa mtandao, kwetu ilikuwa 900,000 kwa Facebook na 600,000 kwa Instagram, yaani 1,500,000 ukijumlisha. Mstari wa jumla chini kabisa ulisoma 1,200,000, kwa sababu Meta inawajua watu waliounganisha akaunti zao mbili na inawatoa mara ya pili. Chukua mstari huo wa chini, usichukue jumla yako. Ila ujue kwamba nao una uvimbe kidogo: tangu mwishoni mwa 2021, mtu ambaye hajaunganisha akaunti zake za Facebook na Instagram anahesabiwa kama watu wawili.

Kwa YouTube, ndani ya Google Ads tafuta `Unique users`, ambayo Google wanaikadiria kwa kujaribu kuunganisha vifaa vya mtu mmoja. Usichukue idadi ya waliotazama video. Kwa TikTok chukua `Reach` ya kampeni nzima. Kwetu zilikuwa 800,000 na 700,000.

Hatua ya 3: Toa walio nje ya kundi, kisha geuza kuwa asilimia

Kijana wetu wa matangazo alikuwa ameacha umri wazi mpaka miaka 44 kwenye Meta na TikTok. Tulipogawa ripoti kwa umri, Meta ilibaki na 1,000,000 walio ndani ya kundi, TikTok 600,000. YouTube ilikuwa imefungwa vizuri, ikabaki 800,000. Ukigawa kwa 2,000,000 unapata Meta asilimia 50, YouTube 40 na TikTok 30.

Jumla ni asilimia 120. Ukiona jumla imepita 100 huhitaji ushahidi mwingine kwamba kuna marudio. Lakini jumla ya asilimia 70 isikufariji; inaweza kuwa imevimba vilevile, tofauti ni kwamba uvimbe wake hauonekani kwa macho.

Hatua ya 4: Weka sakafu na dari

Bila taarifa nyingine yoyote, kuna mambo mawili unayoweza kuapa nayo. Waliofikiwa hawawezi kuwa pungufu ya mtandao ulioongoza, kwa hiyo sakafu ni 1,000,000. Na hawawezi kuzidi kundi zima, kwa hiyo dari ni 2,000,000. Kama jumla ya mitandao ni ndogo kuliko kundi, basi dari ni hiyo jumla. Ripoti yetu ya milioni 3 ilikuwa juu ya dari kwa watu milioni nzima.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya bahati nasibu

Sasa jifanye kwamba kuwa YouTube hakuna uhusiano wowote na kuwa TikTok, kama kurusha sarafu mbili. Asiyefikiwa na Meta ni asilimia 50 ya kundi. Kati ya hao, asilimia 60 hawakufikiwa na YouTube pia, na kati ya waliobaki asilimia 70 hawakufikiwa na TikTok. Zidisha hizo tatu unapata 0.21: asilimia 21 hawakuguswa popote, kwa hiyo walioguswa angalau mara moja ni 79. Kwenye jedwali, kama asilimia ziko B2 hadi B4:

```
=1-(1-B2)*(1-B3)*(1-B4)
```

Jibu ni watu 1,580,000. Watu wa vyombo vya habari wanaiita kanuni ya Sainsbury, na vifaa vingi vya kupanga matangazo vinaitumia kimyakimya. Ni bora mara mia kuliko kujumlisha. Lakini bado inazidisha, na sababu yake ni bando.

Mtu wa Gongo la Mboto ambaye wiki hii hana bando hayuko Instagram, hayuko YouTube, wala TikTok hayuko. Jirani yake mwenye WiFi ofisini yuko kote, asubuhi mpaka jioni. Kuwepo mtandao mmoja kunaongeza sana uwezekano wa kuwepo mwingine, kwa hiyo marudio ya kweli huwa makubwa kuliko ya sarafu. Na mashine za matangazo zinachochea zaidi, kwa kuwa humwonyesha tangazo yule anayeshinda kwenye simu. Ndiye rahisi kumpata.

Hatua ya 6: Uliza watu

Hapa ndipo hesabu inapopata miguu. Unahitaji watu 400 hivi kutoka kundi lako, na maswali yasiyozidi matano. Usiwatafute kwa kiungo ulichobandika Facebook, maana hapo kila anayejibu tayari yuko Facebook na umejipikia jibu mwenyewe. Wafuate kwa miguu au kwa simu, ukigawa idadi kwa kufuata ukubwa wa wilaya: Temeke na Ilala zisiachwe kwa sababu tu wahojaji wako wanakaa Kinondoni. Wahojiwe pia wasio na simu janja. Ni sehemu ya kundi, na ukiwaacha nje marudio yataonekana madogo kuliko yalivyo.

Usiulize "uliliona tangazo la mtindi wetu?" Watu hawakumbuki, au wanakuridhisha. Uliza: "Jana ulifungua YouTube?" Kisha TikTok, kisha Facebook au Instagram. Kwa nini jana? Kwa sababu ukiuliza mwezi mzima karibu kila mwenye simu janja atasema ndiyo kwa zote, na hutaona tofauti kati ya anayepitia na anayeshinda humo. Kipindi kizuri ni kile kinachokupa asilimia zinazokaribiana na asilimia ulizofikia kwa tangazo. Ukiwa umefikia asilimia 30 au 50, "jana" hukaa karibu.

Majibu yetu kwa watu 400 yalikuwa hivi. Meta 240, YouTube 180, TikTok 160. Ukijumlisha ni 580, kwenye chumba cha watu 400. Waliokuwa Meta na YouTube pamoja ni 140. Meta na TikTok 134. YouTube na TikTok 108. Mitandao yote mitatu 100.

Sasa linganisha na sarafu. Meta ni asilimia 60 na YouTube 45, kwa hiyo kwa bahati tupu wangekutana asilimia 27, yaani watu 108. Sisi tulikuta 140. Gawa 140 kwa 108 unapata 1.3, na hicho nakiita kizidishi cha jozi hiyo. Meta na TikTok kilikuwa 1.4, YouTube na TikTok 1.5. Kwa wote watatu, bahati ingetupa watu 43 na tulikuta 100, kwa hiyo kizidishi ni 2.3. Usishangae kuwa kikubwa. Ni wale wa bando lisiloisha.

Kisha vichukue vizidishi hivyo uvipeleke kwenye kampeni. Meta asilimia 50 na YouTube 40 kwa bahati zingekutana asilimia 20, mara 1.3 ni 26. Meta na TikTok ni 15 mara 1.4, yaani 21. YouTube na TikTok ni 12 mara 1.5, yaani 18. Wote watatu ni 6 mara 2.3, karibu 14. Jumlisha mitandao, toa jozi, kisha rudisha utatu, maana ulipotoa jozi ulimtoa mtu wa mitandao mitatu mara tatu, zikazifuta zile tatu alizohesabiwa, akapotea kabisa:

```
50 + 40 + 30 - (26 + 21 + 18) + 14 = 69
```

Asilimia 69 ya 2,000,000 ni watu 1,380,000. Si 3,000,000, wala si 1,580,000.

Kama una jozi lakini huna utatu, pengine kwa sababu mitandao ni mingi, ipo kanuni ya Mfaransa Agostini ya mwaka 1961. A ni jumla ya mitandao yote, D ni jumla ya jozi zote:

```
A * A / (1.125 * D + A)
```

Kwetu, A ni 120 na D ni 65, na jibu linakaribia asilimia 75. Liko juu ya 69 yetu, na si ajabu: ile 1.125 ilipatikana kutokana na wasomaji wa majarida ya Ufaransa, ambao hawakuwa na bando la kuisha. Itumie kama huna njia nyingine.

Kabla hujaamini matokeo yako, yakague. Jibu likiwa dogo kuliko mtandao ulioongoza, umekosea mahali. Mara nyingi umegawa kwa jumla mbili tofauti. Utatu ukiwa mkubwa kuliko jozi yoyote, aliyeingiza data alichanganya safu. Na hesabu kila kipande peke yake: waliofikiwa na TikTok tu, kwa mfano, ni 30 toa 21 toa 18 jumlisha 14, yaani 5. Kipande kikitoka hasi, kuna kizidishi kilichokataa kwenda na wenzake, na ni lazima ukishushe kidogo au urudi kwenye madodoso.

Kumbuka pia kuwa majibu ya watu 400 yanaweza kuyumba kwa asilimia kama tano kila upande. Kwa hiyo tunaandika "kati ya milioni 1.3 na 1.5, makadirio ya kati milioni 1.38". Anayeandika 1,380,000 peke yake bila kuitolea mipaka amerudi kulekule, isipokuwa namba yake ni ndogo.

Hatua ya 7: Rudia hesabu zote zilizosimama juu ya namba ya zamani

Namba ya watu ikishuka haishuki peke yake. Tuliripoti kwamba kila mtu aliona tangazo mara 4, yaani maonyesho 12,000,000 kwa watu 3,000,000. Maonyesho yaliyokwenda ndani ya kundi yalikuwa 10,350,000. Ukiyagawa kwa 1,380,000 ni mara 7.5 kwa wastani. Na kwa kuwa huo ni wastani, wale wa mitandao yote mitatu waliliona mara nyingi zaidi ya hapo. Kumbe ndiyo maana maoni ya "jamani tumechoka na mtindi" yalianza wiki ya tatu, nasi tulikuwa tukiyasoma kama utani.

Halafu kuna bei. TikTok tulilipa shilingi 9,000,000, na kwa namba za mtandao kila mtu alitugharimu shilingi 13. Meta tulilipa 24,000,000 na YouTube 16,000,000, kila moja shilingi 20 kwa mtu. TikTok ikaonekana bei ya kutupa. Sasa uliza swali jingine: ni wangapi tungewakosa kama mtandao huo usingekuwepo? Kwa TikTok ni ile asilimia 5, watu 100,000, sawa na shilingi 90 kwa kila mmoja. YouTube ni asilimia 10, watu 200,000, shilingi 80. Meta ni 17, watu 340,000, shilingi 71 hivi. Mpangilio umegeuka kichwa chini.

Usikimbilie kuifuta TikTok kwa hesabu hiyo peke yake. Kama lengo lilikuwa kumkumbusha mtu yuleyule mara nyingi, marudio ndiyo bidhaa uliyonunua. Lakini kama uliinunua ili kupata watu wapya, ulipata laki moja, si laki saba.

Kuna wanaojaribu kufanya kazi hii kwa mtambo. Uingereza chama cha watangazaji cha ISBA kina mradi wa Origin, na Marekani wenzao wa ANA wana Aquila. Wazo lao ni kwamba kila mtandao unagawa maonyesho yake kwa watu wa kubuni wenye namba, kwa kanuni moja iliyopimwa na kikundi cha watu halisi, kisha namba hizo zinaunganishwa zikiwa zimefumbwa ili hakuna anayeona orodha ya mwenzake. Hapa kwetu bado ni karatasi, watu 400 na nauli za wahojaji.

Kwenye kampeni iliyofuata ya mtindi tulifunga umri, tukaweka kikomo cha mara ngapi mtu aone tangazo kwa wiki kwenye kila mtandao, na fedha kidogo za TikTok tukazipeleka kwenye mabango ya vituo vya mwendokasi, tukiwafuata wale 102 kati ya 400 ambao jana hawakufungua chochote. Dada wa uhasibu alipopewa ripoti aliangalia ukurasa wa kwanza, akakuta watu milioni 1.4 na mipaka yake chini. "Mbona wamepungua?" akauliza, na safari hii nilikuwa na karatasi ya kumwonyesha.